Kimo cha mtu kwa mlango wa pichani: uwiano au kurudi na rula?

Uwiano unahitaji tepu tu. Pima mlango wenyewe, usikisie: milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo haina kimo kimoja, na kizingiti cha chini huwa kimeinuka, kwa hiyo anzia sakafu aliyosimama mtu. Tuseme mlango ni sm 210 na pichani ni pikseli 840. Mtu ni pikseli 690. 690 ÷ 840 × 210 = sm 172.5.

Hesabu hiyo ni sahihi akiwa amesimama mlangoni penyewe. Kama kamera ilikuwa mita 4 kutoka mlangoni, naye amesogea mbele nusu mita, kimo chake halisi ni 172.5 × 3.5 ÷ 4, yaani kama sm 151. Tazama nyayo: zikiwa chini ya mstari wa kizingiti pichani, amesogea mbele.

Njia ya pili ni kurudi na kamera ileile, mahali palepale, lenzi ikiwa kimo kilekile kutoka chini na zumu ileile. Simamisha rula ndefu wima zilipokuwa nyayo, piga picha, ilaze juu ya ile ya zamani hadi fremu ya mlango ilingane, kisha soma utosini. Hapa umbali haukusumbui, ila inakula nusu siku, na kamera ikihamishwa ni kazi bure.

Viatu, kofia na mgongo uliopinda huzidanganya zote mbili.

Picha ya familia mlangoni, uwiano unatosha. Picha ya mwizi wa dukani, ambayo sentimita 5 zinaweza kumtia mtu matatani, rudi na rula.