Brashi ya pangaboi ya elfu kumi na tano: ununue au ubaki na foronya?

Haya familia mambo vipi, tupo Mwanza leo, na mkononi nina hii brashi ya pangaboi mliyonisumbua nayo kwenye komenti, nimeichukua pale Makoroboi kwa elfu kumi na tano baada ya kubembelezana sana maana jamaa alianza na elfu ishirini. Mambo ya fimbo inarefuka, rangi mbili, hayo mnayaona kwenye boksi, siyasemi. Mi nataka niwaonyeshe kitu kimoja tu ambacho kimenikera.

Ona hili panga la feni. Hii sebule imepakana na jiko, humu sangara anakaangwa karibu kila siku, chapati, maandazi, sasa ule mvuke wa mafuta unapanda juu unatua kwenye panga, vumbi likija linagandia hapo hapo. Kamera sogea, sogea kabisa. Unaona ukingo huu wa mbele, huu unaokata upepo? Ndo wenye utando mnene, mweusi, ukiugusa unanata. Huku nyuma ni vumbi la kawaida tu.

Sasa brashi kavu, napitisha... umeona? Halibebeki! Linajisokota linakuwa vinyuzi, halafu vinyuzi vinadondoka, kimoja kwenye kochi, kingine hapa begani kwangu. Na hiki kiungo cha kichwa ukikandamiza kidogo kinaachia, kichwa kinalala, wakati mafuta bila kukandamiza hayatoki. Yaani elfu kumi na tano ya kuhamisha uchafu kutoka juu kuleta chini.

Ngoja nichukue foronya, ile ya zamani mliyopanga kutupa. Kwanza feni imezimwa ukutani, tena mi nazima na meni swichi kabisa, maana ndani ya nyumba kuna watoto na kuna shemeji ambaye akisikia joto anawasha bila kuangalia juu. Ngazi iwe imara. Navisha foronya panga zima mpaka karibu na mota, nabana juu na chini kwa viganja, navuta taratibu kuja kwangu. Vumbi lote limebaki ndani ya foronya, sakafu ile pale, safi.

Hiyo ilikuwa kavu. Raundi ya pili maji ya uvuguvugu, lita moja na kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, usijaze mapovu utahangaika kuyasuuza. Geuza foronya upande msafi, chovya, kamua mpaka isidondoshe hata tone, vika tena, na hapa ndo watu wanakosea, USISUGUE. Iache dakika tatu hivi sabuni ilainishe mafuta, we piga stori. Ukivuta baada ya hapo inakuja na rangi ya chai ya rangi, ona hii! Kama bado panga linanata rudia, usikimbilie stilwaya, inakwaruza rangi, panga linashika kutu na vumbi linapata pa kung'ang'ania. Malizia na kitambaa chenye maji matupu kisha kikavu, maana sabuni ikibaki nayo inanata.

Mkono mwingine ushikilie panga kwa chini jamani, likipinda hata kidogo feni itaanza kuyumba na kugonga. Mota ni kitambaa kikavu tu, maji yasifike.

Ah, wale wa dawa ya kupuliza, ukipulizia juu inakurudia machoni na nyingine inaenda kwenye mota. Ukiwa nayo, pulizia kwenye kitambaa.

Kava za taa sasa, na sisi wa ziwani tuna mtihani wetu, wale vidudu vinavyokuja mawingu mawingu kutoka ziwani vikifuata mwanga. Vinafia ndani ya kava. Zima, subiri taa ipoe, ingiza mfuko wa plastiki kwa chini ulizungushie kava ndo ulegeze skrubu. Vikung'ute vikiwa vikavu, nje, ukitia maji kwanza vinakuwa tope linaloganda kwenye kona. Halafu loweka kwenye maji yale yale ya sabuni, kava la kioo lisiingie maji likiwa bado moto, linapasuka. La plastiki usilipake petroli wala thina, linafifia na kupata nyufa. Likauke kabisa ndo lirudi.

Na brashi? Sawa, nimeipunguzia hasira kidogo. Panga likishakuwa safi, pitisha hii kila wiki kabla mafuta hayajashika, hapo inabeba vumbi vizuri na ngazi hupandi. Ila kwa elfu kumi na tano hapana, ikishuka elfu saba nitafikiria. Wiki ijayo feni za kusimama, ile jali ya mbele mnavyoihangaikia naijua, sabskraibu, na mwenye pangaboi chafu kuliko hili atume picha.