Umbo moja, kazi nyingi: ajali ya sauti au kanuni ya sarufi?

Anayeishi Kisumu husema “niko sokoni”, “naenda sokoni” na “natoka sokoni” bila kubadilisha kiambishi -ni, kwa kuwa kitenzi hubeba tofauti hiyo. Kilatini, ambacho huonyesha uhusika, yaani kazi ya nomino katika sentensi, kwa miisho ya nomino, kina visa vya aina mbili vinavyofanana kwa nje tu.

Katika kisa cha kwanza, “puellae” ni “ya msichana”, “kwa msichana” na pia “wasichana” kama kiima. Hii naiona kuwa ajali: umbo la umilikaji lilikuwa na mwisho -āī wenye silabi mbili, kisha sauti zikasogeleana hadi miisho ikalingana. Katika nomino za kundi la “servus”, kazi hizo tatu hazishiriki umbo moja: “servi” ni umilikaji na wingi, lakini “servo” ni “kwa mtumwa”.

Kisa cha pili ni nomino zisizo za kiume wala za kike, ambazo kiima na yambwa chake huwa na umbo moja daima: “bellum”, “corpus”, “mare”, na katika wingi “bella”, “corpora”, “maria”. Miisho ya umoja ni tofauti kabisa, ilhali mlingano unabaki, kwa hiyo sauti pekee haziwezi kuueleza. Maelezo yanayonishawishi zaidi ni kwamba nomino hizi aghalabu zilitaja vitu visivyo na uhai, ambavyo ni nadra kutenda, hivyo hatari ya kuchanganya mtenda na mtendwa ilikuwa ndogo.