Kuku imeiva: kisu ama termometre?

Kila tukichoma kuku ku mbabula hapa Goma, moja anasema toboa na kisu uone maji, mwingine anasema leta termometre. Kisu ni bure, haiombe batri, na kwa mapaja yenye imechemka saa nzima ndani ya sufuria inatosha. Shida inadanganya pande mbili: maji inaweza toka safi kumbe ndani bado 65°C, na kuku kijana inaweza baki nyekundu karibu na mfupa hata kama imeshafika 74°C, njo degre yenye mitihani ya wapishi kule Marekani inaomba kwa kuku, na kwa chakula cha jana ukikipasha tena.

Termometre inakata ubishi, lakini iingie katikati ya nyama nene bila kugusa mfupa, na uioshe kila mara. Kuipima, weka ndani ya barafu nyingi na maji kidogo, isome 0. Usitumie maji ya moto ukingojea 100, ju Goma iko juu, maji inachemka karibu 95, watu wanatupa termometre nzima bure!

Kama unauzisha kuku ya kuchoma, mie ningenunua termometre. Ya mchuzi wa nyumbani, kisu na uvumilivu inaweza.