Barua ya kuomba jezi: "msaada wowote" au seti 18?

Nahodha wetu wa timu ya wanawake ya mtaani alimwandikia mwenye duka la vifaa vya ujenzi mara mbili. Barua ya kwanza iliomba "msaada wowote utakaoguswa kutoa". Tukapata mipira miwili, basi.

Ya pili ilitaja jezi, bukta na soksi, seti 18, mbili za makipa zikiwa za rangi tofauti, pamoja na orodha ya saizi na profoma ya fundi wa jezi. Jina la duka likae kifuani, maana mgongoni pana namba. Iliomba fundi alipwe moja kwa moja, na hapo ndipo mzee alipolegea: pesa haipiti mikononi mwetu. Kasoro yake, jina likishachapwa, kifua hakina nafasi ya mfadhili mwingine.