Vifaa vya kujaza afro na twisti kwenye picha: kipi ununue kwanza

Julai na Agosti hapa Mbeya, mteja anafika studio akiwa na kofia ya sufu kichwani tangu alfajiri. Akiivua, twisti alizofumua zimelala upande mmoja, naye anataka picha ya send-off ionyeshe nywele zilizojaa. Nitapanga vifaa kwa kazi hiyo.

Cha kwanza ni tableti ndogo ya kuchorea yenye kalamu inayohisi mkandamizo, iwe Huion, XP-Pen au Wacom. Ngazi 2,048 za mkandamizo zinatosha kabisa, usilipie zaidi. Mausi huchora mstari wa unene mmoja mwanzo hadi mwisho, na jicho hulitambua hilo mara moja, kwa sababu unywele huishia kwa ncha nyembamba.

Programu usinunue bado. Photopea hufunguka kwenye kivinjari bila malipo na ina `Puppet Warp`. Bando likisumbua, weka Krita kwenye kompyuta, nayo ni ya bure.

Tuseme upande wa kulia umelala na mwanga unatoka dirisha la kushoto. Usigeuze nywele za kushoto kama kwenye kioo, maana mng'ao utageuka nao na uso utakuwa na madirisha mawili. Chagua vishungi vitatu au vinne vya upande wa kushoto, nakili kila kimoja kwenye leya yake, kisha vipinde kwa `Puppet Warp` mpaka hakuna viwili vinavyofanana. Vipunguzie mwanga kidogo, kwa kuwa viko upande wa kivuli. Kwenye mizizi, futa kwa brashi laini ili viingie chini ya nywele zilizopo, halafu pitisha kivuli hafifu kwenye leya ya `Multiply`. Acha nafasi nyeusi kati ya vishungi. Twisti zilizofumuliwa hujitenga, na ukijaza kila pengo unapata kofia nyingine.

Ukingo ndipo kalamu inapolipa. Kichwa chenye upana wa pikseli 1,000 hivi, unywele mmoja ni mwembamba kuliko pikseli moja. Kwa hiyo chora kwa pikseli 1 au 2, uwazi asilimia 40 hadi 60, kwa rangi uliyoichukua kwenye nywele zake mwenyewe. Nyeusi tupu huonekana kama wino. Nywele za nyuma zilizotoka nje ya fokasi zitie ukungu uleule, na mwisho rudisha chengachenga za kamera.

Cha pili ni Photoshop ya kulipia kila mwezi. Inafaa ukiwa na picha nyingi, kwa sababu `Select and Mask` hutenganisha nywele na mandharinyuma haraka sana. Kwa picha chache kwa mwezi, pesa hiyo bado ni ya kalamu.

Cha mwisho ni paketi za PNG za afro zilizokatwa tayari. Mwanga wake ni wa picha ya mtu mwingine, na mkunjo wa nywele mara nyingi haulingani na wa mteja. Ukilazimika, omba sampuli kwanza, iweke juu ya rangi nyekundu na uitazame kwa asilimia 100. Ukiona uzi mweupe kuzunguka ncha, usilipe.