TAHADHARI: Wanunuzi wa gari bovu wenye Kenta, wanalipa bei ya chuma na kuondoka na masega

Habari zenu wana Mtwara na Lindi. Ujumbe huu uwafikie zaidi wale wenye gari bovu limelala uani, na wale ambao mama au bibi amebaki na gari la marehemu na amechoka kuliangalia likiota majani.

Kuna vijana wanne wanazunguka na Kenta, wana mtungi wa gesi, grainda na mzani wa dijito wa kuning'iniza. Wanakuja hadi nyumbani, wanakata gari hapo hapo, wanapima vipande, wanalipa taslimu na kuondoka. Wana adabu sana, shikamoo haiwatoki mdomoni. Mimi kazi yangu ni kufungua magari chakavu na kuuza spea, hivyo mtu anaweza kusema naona wivu wa biashara. Sawa. Someni kwanza nilichokikuta Chuno, kisha muamue.

Mama mmoja jirani ya dada yangu alikuwa na Carina Ti, haijawashwa tangu mzee afariki. Walikubaliana shilingi 600 kwa kilo, "gari zima, mama, hatuchagui." Hapo ndipo wizi wote ulipolala, kwenye hayo maneno "gari zima". Gari si chuma kitupu. Betri ni risasi. Giaboksi ina ganda la aluminiamu. Injini ya Carina ile ina bloku la chuma lakini silinda hedi ni aluminiamu. Alternata, stata na nyaya zina shaba. Mali hizi sokoni zinakwenda kwa bei ya kilo iliyo mara kadhaa ya chuma. Ukikubali bei moja kwa gari zima, umeuza shaba kwa bei ya bati.

Na hata hiyo bei ya chuma hawakuilipa kwa vitu hivyo. Nilipofika, kulikuwa na viroba viwili vimeshafungwa na kuwekwa mbele kwa dereva. Nikauliza vimepimwa? Wakasema huo ni uchafu, wanamsaidia mama kuutupa. Nikafungua kimoja: nyaya zimeng'olewa kwenye dashibodi, stata, na chini kabisa masega, yamekatwa kwa grainda pande zote mbili, bado yana mikato inayong'aa.

Kwa wasiojua masega: ni lile tumbo la chuma kwenye bomba la ekzosi, baada ya injini na kabla ya sailensa, mara nyingi limefunikwa bati la kuzuia joto. Ndani yake kuna kitu kama kigae chenye vitundu vidogo vingi mno, na hivyo vitundu vimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu ili kusafisha moshi. Ni gramu chache tu kwa gari zima, lakini madini hayo yana bei ya kutisha, kiasi kwamba masega halisi ya kutoka kiwandani yanaweza kuzidi bei ya chuma chote cha gari hilo. Wanunuzi wanaoyajua hawauliziani kilo. Wanasoma namba iliyogongwa kwenye ganda, ndipo wanataja bei.

Sasa sikilizeni uongo wao. Walimwambia mama masega yamekufa kwa sababu yameziba masizi. Masega yakiziba gari linakosa nguvu, hilo ni kweli, lakini madini hayajaenda popote, yamo humo humo. Yaliyokufa barabarani bado ni mali kwenye skrepa. Yanayopoteza thamani ni yaliyotobolewa na kumwagwa kigae, au ya bandia yaliyofungwa baada ya halisi kuuzwa. Kuyatambua si kazi ngumu: mulika tochi kwenye mdomo wa bomba, uone vile vitundu. Ukiona shimo tupu hadi upande wa pili, yalishaliwa zamani. Ukitikisa yakigonga ndani, kigae kimevunjika, basi usiyafungue maana unga ukimwagika ndiyo pesa inamwagika, na ule unga si wa kuvuta puani. Na si kila gari linayo. Hiace nyingi za zamani za dizeli hazina, hivyo mtu akikwambia "hili halina", angalia chini mwenyewe kabla ya kubisha.

Vitu vingine vingi mnaweza kuvitenganisha kwa sumaku. Chukueni sumaku ya spika mbovu, ifungeni uzi, pitisheni juu ya kila kipande. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, hicho kikae pembeni na kitafutiwe bei yake. Isipokuwa hayo masega na stata: maganda yake mara nyingi yanashika sumaku vizuri tu, kwa hiyo ukifuata sumaku peke yake utavitupa kwenye rundo la chuma, na wao wanalijua hilo.

Tuje kwenye mzani. Hapa watu wa korosho watanielewa haraka, maana hii ni kangomba ya vyuma. Mzani wao ukiwa mtupu unasoma sifuri safi, kila mtu anaridhika. Lakini sifuri haithibitishi kitu kwenye mzani wa dijito, kwa sababu mtu anaweza kuuchezea ukaanza sifuri na bado ukapunja kila kilo inayoning'inizwa. Nikamwomba mtoto wa pale nyumbani dumu la lita 20, tukalijaza maji hadi mdomoni. Lita moja ya maji ni kilo moja, dumu lenyewe lina kama kilo moja, kwa hiyo lilipaswa kusoma karibu 21. Likasoma 16. Tukalishusha, tukalipandisha tena mbele ya majirani, 16.

Hesabu yake ni hii. Walikuwa wamemwandikia mama kilo 486 za chuma, yaani shilingi 291,600. Kama kilo 21 zinaonekana 16, basi zile 486 kwa kweli zilikuwa kama 638. Kilo 152 zimeyeyuka, sawa na shilingi 91,200. Na kadi ya gari ilikuwa imeshaniambia mapema kuwa kuna kitu hakiko sawa, kwa sababu inaandika uzito wa gari tupu, na hiyo ilikuwa ya kilo elfu moja na ushee. Kwa gari dogo la namna hiyo, ukitoa viti, vioo, matairi, plastiki na vile visivyo chuma, chuma chake hubaki kama asilimia 60 hadi 65. Mtu akikuletea chini ya nusu, uliza nusu nyingine iko wapi. Mzani halali una stika ya Wakala wa Vipimo. Wao walisema stika yao ilibanduka kwa mvua. Mvua gani hiyo, Agosti?

Kiongozi wao alibadilika sura, akasema mzani ulidondoka njiani. Akalipa tofauti ya chuma.

Kuna jambo jingine liliniudhi kuliko pesa. Hawakumwaga oili wala maji yoyote kabla ya kukata. Walilipindua gari ubavu kwa miti ili wafikie giaboksi, na kila kitu kikamwagika kwenye mchanga, hatua chache kutoka kisima cha nyumba tatu. Mchanga wetu huu wa pwani haushikilii kitu, unapitisha tu kwenda chini. Fundi anayejua kazi anaanza kwa kutoa betri ikiwa imesimama wima, asidi ikiwa ndani. Kisha anatoa petroli iliyobaki kwenye tangi, maana moto wa gesi na mvuke wa petroli havikai uwanja mmoja. Hapo ndipo anafungua nati ya oili ya injini, oili ya giaboksi, kulanti ya rejeta na oili ya breki, kila kimoja kwenye dumu lake. Tenganisheni kabisa kulanti na oili, kwa sababu oili chafu ina wanunuzi wake, lakini ikishachanganyika na kulanti hawaitaki. Najua wengi mnaipenda oili chafu kwa kupaka nguzo zisiliwe na mchwa, mtajijua wenyewe, ila isiwe karibu na kisima. Na kulanti ina utamu. Mbuzi, kuku na mbwa wanailamba, na inaua figo. Pale Chuno tulichota mchanga wote uliolowa, tukamwagia maranda ya seremala kunyonya iliyobaki, tukafunga kwenye viroba. Banda la kuku lilifungwa siku ile nzima.

Halafu wakaomba kadi na namba za gari, "za kuonyesha polisi njiani." Usitoe. Gari likishakatwa, kadi yake haina kazi ya halali mikononi mwa mnunuzi wa skrepa. Ina kazi nyingine: kipande chenye namba ya chasisi kinakatwa na kuchomelewa kwenye gari la wizi, nalo linatembea kwa jina la marehemu mzee. Kadi na namba vipelekwe TRA na kuomba gari lifutwe kwenye usajili. Namba ya chasisi ya Carina imegongwa kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Ipige picha, kisha isimamie ikatwe vipande mbele yako. Kwenye pikipiki iko shingoni, pale uma wa mbele unapoingilia fremu. Kama wanataka karatasi ya njiani, waandikiane na wewe mauziano ya chuma chakavu ofisi ya serikali ya mtaa, na vitambulisho vyao viandikwe. Waulize pia kibali cha NEMC cha kukusanya vyuma chakavu. Ofisi ya kanda ya kusini iko hapa hapa Mtwara, mtu mwenye kibali hawezi kuogopa hilo swali. Hawa waliposikia serikali ya mtaa, kadi hawakuitaja tena.

Utawatambua hivi: Kenta nyeupe yenye bodi ya mbao iliyopakwa bluu juu, mzani wa dijito wenye ndoano nyekundu, na wanapenda kuja saa za mchana wanaume wakiwa kazini. Juzi jamaa yangu aliwaona Mingoyo wakielekea Lindi mjini, kwa hiyo ndugu wa Mtanda na Mitwero kaeni macho.

Mama alirudishiwa nyaya na stata. Masega nayo niliyashusha mwenyewe, yako kwake ndani, na tumempigia picha ile namba ya kwenye ganda ili atafutiwe bei kwa watu wawili tofauti kabla ya kuuza. Betri ilishaondoka na safari ya kwanza ya Kenta, hiyo hajalipwa mpaka leo. Kama kuna mwingine aliyekatiwa gari na watu hawa, awe na tarehe na picha, aandike hapa chini, twende pamoja Wakala wa Vipimo.