Mafuta ya nazi kwenye kikundi cha mtaa: bei kwanza au jibu kwanza?

Ukijiunga leo na kikundi cha WhatsApp cha mtaa hapa Ngamiani, Tanga, ukatupia picha ya chupa na bei, utajibiwa kwa kimya. Admini akiwa mkali, unatolewa.

Mimi namuunga mkono dada aliyekaa wiki tatu bila kutaja biashara. Mama mmoja akalalamika: mafuta aliyompelekea mwanawe Lushoto yameganda, kauziwa feki. Dada akajibu, "Hapana mama, mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Tia chupa kwenye maji ya uvuguvugu, yatayeyuka." Basi. Jioni wawili wakamfuata inboksi: "Kwani unauza?" Bei akaitaja hukohuko.

Mwenye samaki wabichi hawezi kungoja hivyo. Amwombe admini ruhusa, aweke tangazo moja asubuhi.